Utepe wa Kijani wa Mama wa Mlabani

Simu ililia nikiwa nabandika ratiba ya zamu ukutani. Lori la Fuso lililobeba magunia ya mpunga, na abiria wamekaa juu ya magunia, lilikuwa limepinduka kwenye barabara ya kutoka Mang'ula. Aliyepiga hakutaja idadi. Alisema tu, "Sista, jiandaeni, ni wengi," akakata.

Nilikuwa muuguzi kiongozi wa chumba cha dharura hapa Ifakara, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyewafundisha wauguzi wapya jinsi ya kupanga majeruhi wanapokuja kwa wingi. Ngoja nieleze, kwa sababu bila hilo hutaelewa nilichokosea.

Majeruhi wakizidi mikono iliyopo, huanzi na aliyefika kwanza wala anayepiga kelele zaidi. Unampa kila mtu rangi. Nyekundu ni yule atakayekufa asipohudumiwa sasa hivi. Njano ameumia sana, lakini anaweza kusubiri kidogo. Kijani anatembea, majeraha yake ni madogo. Nyeusi amekwisha kufa, au hali yake imefika mahali ambapo kumhangaikia yeye ni kuwapoteza wawili wengine. Sisi tulitumia tepe za kitambaa alizotukatia fundi cherehani wa jirani, tukazifunga kwenye kifundo cha mkono. Kila mmoja hupewa chini ya dakika moja: anapumua? Anapumua mara ngapi? Mapigo ya kifundo yapo? Nikimwambia akunje ngumi, anakunja?

Walifika kwa pikapu, kwa bajaji, wengine wamelazwa kwenye turubai lilelile la mpunga. Punje zilikuwa zimewagandia kwenye damu usoni. Nimeona ajali nyingi, lakini pale mlangoni nilijikuta nahesabu punje badala ya watu. Muuguzi kijana aliyekuwa ameshika tepe aliniuliza, "Sista, tuanze na nani?" Swali lile ndilo lililonizindua.

"Wote wanaoweza kutembea," nikapaza sauti, "njooni huku kwenye banda!" Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, kuwatenga wenye miguu. Watu kumi na kitu wakajikokota hadi kwenye banda la wagonjwa wa nje, nao wakafungwa kijani.

Kisha nikaingia kwa waliolala. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa hakuwa anapumua. Niliinua kidevu chake ili njia ya hewa ifunguke, nikasubiri. Hakuna. Nikafunga utepe mweusi. Mwenzake alinishika gauni.

"Sista, bado wa moto huyu! Mguse!"

"Najua, kaka. Nimemgusa."

"Basi mpeleke ndani!"

Nilimwambia ashike mkono wa rafiki yake, nikahamia kwa anayefuata, msichana anayepumua haraka kama mbwa aliyekimbizwa. Nyekundu. Akaingia ndani.

Nyekundu zote zilipokuwa zimeingia, nikarudi bandani. Hapa nawasisitizia wanafunzi wangu kila mara: rangi hubadilika. Kijani wa saa hii anaweza kuwa nyekundu nusu saa baadaye, kwa hiyo unawapitia upya, na unampima kila mmoja upya.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama wa makamo, rozari shingoni, khanga ameifunga vizuri kana kwamba amekuja kliniki tu. Alikuwa ametoka kuvuna mpunga, akirudi nyumbani Mlabani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

"Asante. Wewe unaendeleaje?"

"Mimi sijambo. Bega tu hili la kushoto linauma, jana nimeshinda na mundu. Wahudumie hao watoto, mimi nisubiri."

Nikacheka kidogo, nikampiga kofi la upole mgongoni, nikaandika kwenye karatasi: anaendelea vizuri. Nikamwacha. Sikugusa kifundo chake. Sikuhesabu pumzi zake. Nilimuuliza hali kama unavyomuuliza mkubwa wako njiani, naye akanijibu kama alivyolelewa kujibu. Nani kati yetu, akisalimiwa kwa heshima, huanza kwa kusema anakufa?

Robo saa baadaye yule muuguzi kijana alinifuata. "Sista, kijani wako mmoja kaondoka. Yule mama wa rozari."

"Kaenda wapi?"

"Getini. Anasema wajukuu hawajala, anatafuta bodaboda."

Sijui kwa nini neno *bega* lilinirudia wakati ule. Bega la kushoto. Damu ikimwagika tumboni kutoka kwenye bandama, inachokoza kiwambo, ule msuli unaotenga tumbo na kifua, na maumivu yanasikika begani, mahali pasipo na jeraha lolote. Nimelifundisha jambo hilo ubaoni mara nyingi. Nilikimbia.

Nilimkuta ameshikilia nguzo ya geti. Dereva wa bodaboda alikuwa amezima injini, anamtazama.

"Huyu mama simpakizi," akaniambia. "Anayumba mwenyewe kabla hajapanda."

"Mama, kaa chini," nikasema.

"Sijambo, mwanangu, ni jua tu."

Safari hii sikumsikiliza mdomo. Kifundo kilikuwa cha baridi, kimelowa jasho, na vidole vyangu havikupata mapigo yoyote. Nilibonyeza ukucha, ukawa mweupe, ukabaki mweupe, damu haikurudi. Kifua chake kilikuwa kinakwenda mbio chini ya khanga, pumzi fupifupi ambazo mtu aliyekaa mita mbili asingeziona. Nikafungua utepe wa kijani.

"Nyekundu!" nikapiga kelele. "Kitanda hapa!"

Dereva wa bodaboda ndiye aliyenisaidia kumbeba hadi kitanda kilipofika. Ndani, daktari aliweka kipimo cha mawimbi ya sauti tumboni, akaniangalia mara moja tu. "Damu imejaa. Alikuwa wapi muda wote huu?"

"Kwenye banda," nikasema. "Nilimpa kijani, halafu sikumpima tena."

Walimkimbiza kwenye chumba cha upasuaji, nami nikarudi bandani, nikaanza benchi upya kutoka mwanzo, mkono kwa mkono, nikihesabu pumzi kwa sauti. Hakuna aliyesalimiwa kabla ya kushikwa. Mzee mmoja alinuna: "Siku hizi hata shikamoo hamna?" Nikamwambia, "Ipo, baba, inakuja. Kwanza pumua."

Bandama walilitoa. Dereva wa bodaboda na walinzi wa getini walichangia damu, na mama akaamka kesho yake mchana. Nilienda wodini nikiwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi. Nilimweleza yote: utepe, banda, karatasi niliyoandika bila kumgusa. Alisikiliza akiitazama dari.

"Lakini mwanangu," akasema, "ulipouliza, nami nilisema sijambo."

"Ndiyo, mama. Na kama ningefuata mdomo wako mara ya pili, ungefia njiani kwenda Mlabani."

Kisha akautoa mkono wake chini ya shuka, akauweka juu ya kitanda, kifundo kimegeuzwa juu.

"Basi pima," akasema, "halafu ndiyo unisalimie."