Mstari wa Tatu wa Ankara

Kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Mifuko. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifua mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari, na katika miaka yote hiyo hakuna koti lililoingia mashineni kabla hajatia mkono mfukoni mwake. Alishatoa humo kalamu, pete, funguo, meno ya bandia yaliyoviringishwa kwenye karatasi laini, na siku moja barua ya mapenzi ya daktari ambaye wote walidhani hajui kucheka. Barua ile aliikunja vilevile ilivyokuwa, akamrudishia mwenyewe bila neno. "Mfuko una mdomo," alizoea kusema, "lakini hausemi yote."

Mashine zilikuwa nne, zikinguruma kutwa. Humo ndani watu waliongea kwa mikono zaidi ya midomo: vidole viwili juu, leta mashuka, kiganja chini, zima maji. Mtu angeweza kufanya kazi pale miaka mingi, masikio yakimpungua kidogo kidogo kama sabuni, asijue mwenyewe wala asijulikane. Au ajue, anyamaze. Mama Mifuko alijua. Alichofanya ni kujifunza neno moja linalofaa kila mahali. Mtu akimsemesha asisikie, alitabasamu na kujibu, "Sawa, sawa." Neno hilo lilikuwa limemvusha mengi.

Mwanawe wa pekee aliendesha mitambo mgodini, mbali, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Likizo iliyopita alikuja na televisheni mpya, akaiunganisha na mtandao, akamwandikisha mama yake kwenye huduma ya kutazama filamu na tamthilia. Kadi ya benki iliyosajiliwa ilikuwa ya mama, kwa kuwa nyumba ni ya mama na mama hakutaka kulipiwa kitu ndani ya nyumba yake.

"Mwezi wa kwanza bure," mwana alimwambia, uso kwa uso. "Kuanzia wa pili watakata kiasi hiki tu."

Akaondoka, akamwachia mkewe na binti yao wa miaka mitano, kama alivyowaachia tangu miezi minane nyuma.

Ankara ya kwanza ilimkuta kazini, saa nne, kwenye benchi karibu na boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kufulia, chai mkononi. Simu ilitetemeka mfukoni. Alivaa miwani, akaisoma kama asomavyo lebo ya nguo, mstari baada ya mstari, kidole kikitangulia. Mstari wa kwanza, kifurushi cha msingi: kiasi kilekile alichoambiwa. Wa pili, filamu ya kukodi. Wa tatu, chaneli ya nyongeza, malipo ya mwezi baada ya siku saba za majaribio. Wa nne, filamu ya kukodi, tena ileile, jina lilelile. Chini kabisa kodi, na jumla iliyokuwa karibu mara mbili ya ahadi ya mwanawe.

Alisoma mara ya pili. Chai ikapoa.

"Kulikoni, Mama Mifuko?" Mzee wa boila alisimama mbele yake akipangusa mikono. Huyu alisikika vizuri, maana alipiga kelele hata akiomba chumvi. "Umekuta meno mengine?"

"Leo meno yameniuma mimi. Hebu soma hapa."

Mzee alishika simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akacheka kwa pumzi. "Huyu wa tatu namfahamu. Mimi pia alishanila. Wanakupa siku saba bure. Usipojitoa kabla hazijaisha, inajilipisha yenyewe kila mwezi mpaka useme basi. Na hizi filamu za kukodi hazimo kwenye kifurushi, kila moja na bei yake. Ukishaanza kuitazama una siku mbili. Zikipita, inafungwa, hata kama hukufika mwisho."

"Mimi sikumwambia mtu aongeze chaneli."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu. Na mmoja bado anafungwa viatu."

Mzee wa boila alikohoa, akatazama pembeni. "Basi hapo hesabu haihitaji mwalimu. Lakini dada yangu, pima kabla hujakata. Mkwe si shuka. Ukimchana, hashoneki."

Neno hilo alirudi nalo kwenye mashine, na lilizunguka kichwani mwake pamoja na mashuka. Mkwe wake alifundisha chekechea, msichana mpole, mchapakazi, aliyekuja nyumba ile akiimba. Siku hizi hakuimba. Alipika, akafua, akamwogesha mtoto, lakini mazungumzo yalikuwa yamekauka kama bomba la maji wakati wa mgao. Siku chache baada ya mwanawe kuondoka, Mama Mifuko alimkuta amelitoa sanduku chini ya kitanda. "Nalipangusa vumbi, Mama," alisema. Nani hupangusa vumbi la sanduku katikati ya juma?

Kwa hiyo fedha hazikuwa ndilo jambo lenyewe. Akinyamaza, atakuwa amefuga siri ndani ya nyumba. Akisema vibaya, sanduku litatoka mlangoni, na nyuma yake mtoto, na yeye atabaki na televisheni kubwa na vyumba vitatu vya kimya.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mkwe alikuwa jikoni akimenya vitunguu, amempa mgongo. Mtoto alilala kwenye mkeka. Mama Mifuko aliweka mkoba chini, akaweka simu juu ya meza, na hotuba yote aliyoipanga njiani ikamtoka kichwani.

"Mwanangu, njoo usome hii."

Mkwe alifuta mikono, akasoma. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomuuma mama mkwe.

"Ndiyo, Mama. Chaneli nimeiongeza mimi."

"Bila kuniuliza?"

"Nilikuuliza."

"Lini? Mimi ni mzee, sijawa kichaa."

"Jumapili ya pili tangu baba mtoto aondoke. Ulikuwa dirishani unachambua mchele. Nilisimama hapa nikakwambia, Mama, ile tamthilia yako kwenye kifurushi chetu haina maandishi chini ya picha. Ipo kwenye chaneli nyingine, na huko ina maandishi ya Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Siku saba bure, halafu inalipiwa, niiongeze? Ukasema, 'Sawa, sawa, mwanangu.' Hata ulitabasamu."

Mama Mifuko aligeukia dirisha. Aliukumbuka mchele. Aliukumbuka hata mwanga wa dirisha lile. Maneno hakuyakumbuka, kwa sababu hakuwahi kuyasikia.

"Maandishi ya nini?" aliuliza taratibu. "Mimi nahitaji maandishi ya nini?"

Mkwe alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Alisema bila haraka, midomo ikionekana vizuri. "Mama, wewe husikii."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Tukitazama, wewe hucheka baada ya mtoto kucheka. Unamtazama yeye kwanza."

Mama Mifuko alikuwa ameficha jambo hili kwa watu wazima wa hospitali nzima, madaktari wakiwemo, na sasa mfuko wake mwenyewe ulikuwa umepekuliwa na mwalimu wa chekechea.

"Mwanzoni sikujua," mkwe aliendelea. "Nilikuwa nakusalimia ukiwa umenipa mgongo, hujibu. Nakuuliza nipike nini, unanijibu 'sawa'. Nikasema moyoni, huyu mama hanitaki. Nilimwambia mama yangu nitarudi. Nililitoa hata sanduku."

"Nililiona."

"Jumapili ile jioni tukatazama tamthilia, maandishi yapo. Ukacheka, Mama. Ukacheka kabla ya mtoto. Ukanigeukia ukaniambia, 'Umemwona huyu mpumbavu?' Miezi minane hukuwa umenigeukia hivyo. Nikalirudisha sanduku chini ya kitanda."

Mama Mifuko aliushika mkono uliokuwa na harufu ya vitunguu. Alitaka kusema asante, lakini neno lilikuwa dogo, na kinachotakiwa kusemwa kilikuwa kikubwa. Machozi yalimlenga. Akasingizia vitunguu.

"Haya," alisema baadaye, akipenga kamasi. "Hilo limekwisha. Na filamu hii ya kukodi mara mbili? Hapo napo nilisema 'sawa'?"

Mkwe aliuma mdomo. Akachukua rimoti, akafungua ukurasa wa akaunti, akaonyesha orodha ya zilizokodiwa, kisha orodha ya zilizotazamwa kwa jina la kila mtazamaji. Ile filamu ilikuwa kwenye jina la "Bibi". Mara ya kwanza, Jumamosi, imetazamwa dakika kumi na tisa.

"Ni ile ya treni," mkwe alisema.

"Ile ya treni! Nililala nayo!"

"Ulilala. Alhamisi ukairudia, siku mbili zikiwa zimepita, ikakuuliza kama unataka kuikodi tena."

"Sikuona swali. Niliona kitufe kikubwa, nikakibonyeza."

"Ukakibonyeza, halafu jirani akabisha hodi, hukuitazama hata dakika moja."

"Kumbe mwizi namlisha mwenyewe!" Mama Mifuko alipiga paja, akacheka mpaka mtoto akaamka na kuuliza nani ameanguka.

Waliandikia huduma kwa wateja palepale, mkwe akiandika, mama akisema. Kwa filamu ya kwanza hawakudai kitu, imeshaanza kutazamwa. Kwa ya pili waliomba kurudishiwa, kwa kuwa haikufunguliwa. Jibu lilikuja chai haijachemka: ombi limekubaliwa, fedha zitarudi kwenye kadi baada ya siku chache za kazi. Kisha mkwe akaweka namba ya siri, ili kitu chochote cha kukodi kisipite bila kuiandika.

"Na chaneli?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya neno la kusitisha. "Tukiisitisha leo itaendelea mpaka mwisho wa mwezi uliolipiwa, halafu basi."

Mama Mifuko aliutazama tena ule mstari wa tatu. Kazini alikuwa ameusoma kama doa la damu kwenye shuka. Sasa aliuona ulivyo: mtu alikuwa amekaa kando yake jioni nyingi, amemtazama usoni kwa makini kuliko alivyowahi kutazamwa tangu mumewe afariki, akatafuta namna ya kumrudisha ndani ya kicheko.

"Iache," alisema. "Hata ningeambiwa nilipe mara mbili."

"Na masikio, Mama? Unafanya kazi hospitali. Daktari wa masikio yuko ghorofa ya juu yako."

"Makoti yake nayafua mimi. Mifuko yake imejaa peremende." Alishika sikio lake. "Nitapanda Jumatatu. Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza."

Mkwe alirudi kwenye vitunguu vyake. Kisu kilianza tena kugonga ubao, na juu ya mgongo ule Mama Mifuko aliona mabega yakisogea kama ya mtu anayeimba. Kisha mkwe akasema jambo, bila kugeuka. Sauti ilifika kama ifikavyo siku zote, ukungu mtupu, na lile neno la zamani likapanda kwenye ulimi wake, tayari.

Akalimeza.

"Sikusikia, mwanangu," alisema. "Sema tena."

Mkwe aliweka kisu chini, akazunguka meza, akaja akasimama mbele yake.