Kusoma kwa Mshazari

Miaka ile magari ya watu wa gesi yalipoanza kujaa Palma, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, mama aliingia darasa la watu wazima. Kwenye mikutano ya kuhamisha mashamba, karatasi zilisomwa kwa Kireno, kisha wanawake wakasogezewa wino wa dole gumba. Mama alitaka kusoma mwenyewe kwanza.

Asubuhi moja alirudi na karatasi ya sopa de letras: mraba uliojaa herufi, na chini yake maneno ya kutafutwa humo ndani.

"Nikishindwa na hii sirudi tena," akaniambia. "Wenzangu wote ni wadogo kwangu. Wananicheka."

Nilipotoka jikoni nikakuta amezungushia BARCO, CASA na PEIXE, yaani mashua, nyumba na samaki, yote yakisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Ya kutoka kushoto hakuwa ameona hata moja. Tangu sijazaliwa mama alikuwa akifundisha watoto Kurani barazani kwetu, na jicho lake huingia mstari wowote kwa mkono wa kulia.

"Mama, hayo yamegeuzwa. Sasa tafuta yaliyonyooka."

"Yaliyonyooka ndiyo haya. Hayo yako ndiyo yanakwenda kinyumenyume."

Nilicheka, yeye akainamia karatasi. Akapita tena kila mstari kwa upande wangu, kisha safu kwa safu, juu hadi chini na chini hadi juu. Yakapatikana yote, isipokuwa MACHAMBA, ndivyo Kireno cha kwetu kinavyoita shamba.

"Hili hawakuliweka," akasema, akaanza kuikunja karatasi.

Nikamshika mkono. "Usilitafute neno zima. Tafuta H, maana H ni chache. Ukiipata, zunguka jirani zake wote, hata wa pembeni. Ukiona C, ng'ambo ya pili ya H lazima pawe na A. Isipokuwapo, iache H hiyo, nenda nyingine."

Akaanza mstari wa juu, kidole kikitambaa taratibu. H ya kwanza haikuwa na C. Ya pili ilikuwa nayo, lakini ng'ambo yake palikuwa na T. "Muongo huyu," akanong'ona, akaendelea. Kwenye H ya tatu kidole kikasimama. C ilikuwa chini kulia, A juu kushoto.

Akashuka na C kwa mshazari: A, kisha M. Akarudi kwenye H, akapanda: A, M, B, A. Neno lilikuwa limelala likipanda kutoka pembe ya chini, kama njia ya miguu inayokata shamba la mtu.

Alilizungushia polepole, asiguse herufi ya jirani.

"Kumbe lilikuwapo," akasema.

Kesho yake aliondoka mapema, kabla chai haijachemka. Nikamuuliza anakimbilia wapi.

"Benchi la mbele, mwanangu. Wale wadogo hulijaza."