Mafuriko Hayagawi Semolina

Jirani yetu Bi Keltoum alikuwa mshona nguo, mjane, na katika jengo letu la Belcourt, hapa Aljeri, hakuna aliyemdhania kuwa na habari ya kusimulia. Mwanawe alikuwa Lyon, Ufaransa. Kila sikukuu alimpigia simu kumsihi ahamie kwake, na kila sikukuu mama alijibu, "Nikihama mtu atanikosa." Mtu gani? Tulicheka pembeni. Aliyegonga mlango wake ni mimi tu, nilipompelekea mkate, na mara zote nilikuwa na haraka ya kuondoka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2007, nikiwa na miaka kumi na saba, tulipewa mdahalo darasani: harakati za uhuru zilishinda hasa kwa sababu umma ulijipanga. Mimi ndiye nilikuwa wa kuitetea hoja. Mpinzani wangu Sofiane, mwenye domo kaya, alikwisha kunitambia: "Nassima, Wafaransa walifukuzwa na bunduki. Wewe utatuletea vikao?"

Nikaandika hotuba tamu. Kwa kukosa msikilizaji nikamsomea Bi Keltoum, nikafika pale nilipoeleza mgomo wa siku nane wa Januari 1957: "Umma ukainuka wenyewe kama mafuriko..."

"Mafuriko?" Aliitua sindano. "Mafuriko hayagawi semolina nyumba kwa nyumba, mwanangu. Unadhani watoto wa mchukuzi wa bandarini walikula nini siku nane baba yao asipofanya kazi? Hotuba yako?"

Akainuka, akafunga dirisha, ndipo akaendelea, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna askari ngazini.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Katika mtandao wa siri wa harakati, juu yake alimjua mtu mmoja tu, Si Mokrane fundi viatu. Chini yake wawili, Zineb wa hamamu, nyumba ya kuogea ya wanawake, na Ourida mfua nguo. Ndivyo mpango ulivyokuwa: ukikamatwa, huwezi kutaja usichokijua. Wiki mbili kabla ya mgomo alihesabu vinywa ngazi kwa ngazi, wa kibarua cha kutwa wakiandikwa kichwani kwanza. Semolina, ule unga wetu wa ngano, mafuta na dengu vilipita chini ya nguo za kufua za Ourida. Zineb alitangaza siku ndani ya mvuke, mahali ambapo askari hakanyagi. Amri ilikuwa moja: funga duka, kaa ndani, usirushe hata jiwe.

"Na wote walikubali?"

"Wengine walituogopa sisi kuliko askari. Hilo nalo useme, usije ukaitwa mwongo."

Siku ya pili askari wa miavuli waling'oa milango ya maduka na kuwapakia watu kwenye malori kwenda kazini. Mwezi uliofuata wakamchukua Si Mokrane. Hakuonekana tena. Lakini mlango wa Keltoum haukugongwa: hakumtaja.

"Bibi, niwataje majina?"

Alitazama mlango. "Zineb na Ourida wamekufa," akasema. Kisha, "Taja."

Siku ya mdahalo alikuja, akakaa nyuma peke yake, amejitanda haiki, shuka lake jeupe. Sofiane alisimama akicheka. "Mgomo ulivunjwa, au sivyo? Basi umma uliojipanga ulishindwa!"

"Maduka yalifunguliwa kwa nyundo," nikamjibu, "na dunia iliyokuwa imekaa kutujadili kule Umoja wa Mataifa ikaona kwamba bila nyundo hayafunguki. Mwaka ule Wafaransa waliwamaliza viongozi wa harakati hapa mjini. Miaka mitatu baadaye, Desemba, barabara zikajaa watu na bendera. Zilishonwa na nani? Na mikono iliyokwisha kujifunza. Hata bunduki yako, Sofiane, ililala nyumbani kwa mtu na mwenye nayo alikula chakula cha mtu. Watu hao ni Mokrane fundi viatu, Zineb wa hamamu, Ourida mfua nguo."

Nilishindwa, kura kumi na tisa kwa kumi na nne. Bunduki ina utamu wake darasani.

Tulirudi kwa miguu. Nilimwomba radhi kwa kushindwa. Mlangoni kwake akasema, "Si Mokrane aliniambia: usimtaje mtu yeyote mpaka mimi mwenyewe nije nikwambie yamekwisha. Uhuru ukaja, watu wakapiga vigelegele, wakaenda kuchukua vyeti vyao vya wapigania uhuru. Yeye hakuja."

"Bibi, miaka hamsini?"

"Mahali pekee anapojua kunikuta ni hapa. Ningehama, angenitafuta wapi?"

Akaingia. Nilisimama ngazini nikingoja kusikia akifunga komeo kama kila siku, lakini sikulisikia. Nikasukuma mlango, nikaingia, nikaketi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka.