Zamu ya Kwanza Niliyoitoa

Nilipaswa kumwambia hapana. Tulikuwa mafundi cherehani kumi pale Kadutu, tumeungana katika likelemba: kila mwezi kila mtu anatoa franka laki moja, na mmoja anaondoka na milioni nzima. Kura ilipopigwa mimi nilipata namba moja. Kijana tuliyeshiriki naye meza akapata namba kumi.

"Papa, tubadilishane," akaniomba. "Mashini yangu iko inakufa, na masomo inakaribia. Nitashona uniforme na nini?"

Nilikubali. Huruma ilikuwepo, lakini kiburi kilikuwa kikubwa zaidi. Niliamini anayepokea kwanza anabeba deni, na anayepokea mwisho anatunza akiba.

Mama aliyetunza pesa zetu, aliyejua nataka kuezeka nyumba, alinitazama juu ya miwani yake. "Papa, bati inauzwaka na dola. Zamu yako ikifika, hiyo franka yako itakuwa na nguvu gani?"

"Milioni ni milioni, maman."

"Haya. Utaenda kuezeka na hesabu."

Wote walicheka, na mimi nikacheka nao.

Siku ile dola moja ilikuwa franka elfu mbili. Milioni ingekuwa dola mia tano, mabati hamsini, kiasi kile kile nilichohitaji kwa nyumba yangu ya Kasha. Kijana alinunua mashini. Kila mwezi alileta laki yake bila kuchelewa; hakuna aliyeniibia. Ila laki yake ya mwanzo ilikuwa dola hamsini, na ya mwisho ilikuwa arobaini tu. Alikopa franka nzito, akalipa nyepesi. Mimi nilitoa zile nzito na kungoja.

Zamu yangu ilipofika dola ilikuwa elfu mbili na mia tano. Muuza mabati alihesabu noti zangu mara mbili, akanipa mabati arobaini. Bei yake haikuwa imepanda hata dola moja.

"Kumi ingine iko wapi?" nikamuuliza, kana kwamba ni yeye aliyeyaficha.

"Muzee, ulete dola mia ingine."

Sikuwa nazo. Nilifunika nyumba, nikaacha chumba cha nyuma, alimopaswa kulala binti yangu mjane na watoto wake wawili. Nilitandaza turubai juu yake na kusema tutamaliza baadaye. Mvua ya Novemba ililowesha matofali mabichi hadi ukuta mmoja ukalala chini. Yeye na watoto walikuwa sebuleni, Mungu alisaidia. Wiki iliyofuata binti yangu alifunga mizigo akaenda kwa wakwe zake Bunyakiri. Hakunilaumu.

Kwa kutoa zamu yangu nilipoteza dola mia moja. Kwa dola hizo mia nilipoteza chumba, na tangu hapo sijaishi tena na binti yangu wala wajukuu wangu.