Kahawa Bubu ya Emama Etagenyu

Emama Etagenyu alikuwa na ugomvi na wauza kahawa wote wa soko la Yirgalem. Wa kwanza alishamhama, wa pili akamhama, na huyu wa tatu alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni. Kosa lao lilikuwa moja: walimuuzia kahawa bubu. Punje zinakaa kikaangoni, zinaungua mpaka zinakuwa mkaa, na hazisemi neno.

"Mnaichanganya na ya mwaka juzi," alimwambia yule wa tatu. "Kahawa yenu haina hata sauti."

"Kwani ulitaka iimbe, Emama?"

"Nataka ilie! Nani kakwambia habari za kuimba?"

Mama yake alimfundisha kukaanga akiwa binti mdogo. Macho ya mwenye nyumba yakae kwa wageni, masikio yakae kwenye kikaango. Punje zitalia mara mbili. Kwanza zitapiga pa, pa, kwa nguvu, kama bisi; hiyo ni salamu tu, usibabaike, endelea kukoroga. Zitanyamaza kidogo. Kisha zitaanza tena, kwa sauti ndogo, nyembamba, ya harakaharaka, kama chumvi iliyomwagikia motoni. Hapo ndipo unapoepua, hapo hapo. Kwa kilio kile cha pili Etagenyu alikaanga maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kuikosoa kahawa yake.

Hata sasa hakuna aliyeikosoa, na hapo ndipo penye balaa. Kwao mgeni haikosoi kahawa ya mwenyeji. Utaletewa kikaango kinachofuka, utaupunga moshi kwa mkono mpaka puani, utasema imenukia, na kama imeungua utaimezea. Tena inanywewa mara tatu kutoka jebena ile ile, birika la udongo: abol, kisha tona, kisha bereka, ambayo ndiyo baraka yenyewe. Anayeaga kabla ya bereka ana mgonjwa nyumbani, au ana jambo na wewe.

Basi mwaka huu majirani wote wa ua wake wakawa na wagonjwa. Walipokezana kukaribishana, kila mmoja na siku yake, na zamu ya Etagenyu ilikuwa Jumatano. Zenebech wa nyumba ya pili alikunywa abol, akakumbuka dengu zake jikoni. Mwingine akakumbuka nguo kwenye kamba. Halafu walikuwa wananong'ona! Etagenyu aliiona midomo ikicheza, neno hapati, akajua ndiye anayesengenywa. Mara mbili zilizopita hakuja mtu kabisa. Alikaa peke yake juu ya majani mabichi aliyoyatandaza kwa mikono yake, jebena imejaa, bisi zinapoa kwenye ungo. Kahawa ya kunywa peke yako haijawahi kuwa kahawa, si kwao. Akaimwaga nyuma ya nyumba, akalia.

"Tangu Deribe afe," alijiambia, "mimi si mtu tena hapa."

Deribe ni marehemu mumewe. Mtoto wao yuko Awasa, ameshamwomba mara nyingi mama ahamie kwake, na huko kahawa hununuliwa ikiwa imeshasagwa kwenye mfuko. Etagenyu alikuwa akikataa. Lakini safari hii alipiga moyo konde: Jumatano hii wasipokuja, jebena anaigawa, anakwenda zake Awasa.

Jumatano alipita mlango kwa mlango kama ilivyo ada. "Kahawa ipo," alisema kila kizingiti, akageuka bila kungoja jibu, maana visingizio vyao vilikuwa vimemkaa kooni.

Akawasha jiko la mkaa, akatupia ubani. Akaosha kahawa kikaangoni, akiisugua kwa viganja mpaka maji ya tatu yakatoka meupe. Akasikilizia nje. Kimya. Akaibandika kahawa motoni, polepole, kama mtu anayechelewesha habari mbaya.

Mara mlango ukasukumwa, akaingia Wubalem, fundi cherehani wa mwisho wa ua, mwanamke ambaye akiuliza bei ya kitunguu hapa, stendi wanamsikia.

"Peke yako?" Etagenyu akauliza.

"Kwani mimi sitoshi? Nipe kigoda, Emama, miguu imeniota mizizi kwenye cherehani."

Etagenyu alicheka. Akaanza kukoroga, macho kwa mgeni wake kama alivyofundishwa. Punje zilipoteza kijani, zikawa za manjano, zikanuka majani makavu, halafu zikanuka mkate. Zikaingia hudhurungi. Maganda membamba yakaanza kuruka, akayapuliza. Pa! Kwa mbali, kama mtu anayebisha nyumba ya jirani, alisikia salamu. Pa. Kisha zikatulia. Akakoroga, akangoja kilio cha pili. Moshi ukazidi.

"Emama, epua," alisema Wubalem.

"Bado. Hazijalia."

"Hazijalia? Si hizo zinalia!"

"Wapi?"

"Hapo mbele yako! Tss-tss-tss, zinalia kama zimefiwa! Epua, mama, zinaungua!"

Wubalem hakungoja. Alishika kikaango kwa upindo wa gauni lake, akakiweka chini, akapepea kwa ungo. Etagenyu aliinama, akalisogeza sikio mpaka joto likamchoma shavu. Punje zilikuwa nyeusi-hudhurungi, ndiyo kwanza zinaanza kung'aa mafuta, rangi ambayo hakuiona katika nyumba yake mwaka mzima. Hakusikia kitu. Aligeuza sikio la pili. Hakusikia kitu.

"Bado zinalia?"

Wubalem alimtazama. Akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe ni mimi," alisema Etagenyu.

"Emama." Wubalem akaketi karibu yake kabisa. "Zenebech alibisha mlango wako wiki ile mtoto wake alipougua. Akaita, akaita. Anakuona dirishani umempa mgongo. Na mimi nilikuita juzi pale bombani, ukanipita. Tukasema umetukasirikia."

"Nyie ndio mmenikasirikia! Mnanong'ona mkija kwangu!"

"Hatunong'oni, mama. Tunaongea."

Etagenyu alifunika uso kwa shela. Alilia kwa ajili ya wauza kahawa watatu aliowatukana, kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na kwa ajili ya ile sauti nyembamba iliyomwacha bila kuaga. Wubalem alimwacha alie kidogo, kisha akabeba kikaango mpaka mlangoni, akaupepea moshi ua mzima, akapaaza ile sauti yake: "Nyie! Hasikii! Hakununa, hasikii tu! Njooni mnywe kahawa ya watu!"

"Wewe, utanitangaza mpaka stendi," Etagenyu alisema ndani ya shela.

"Ndiyo nia yangu."

Wakaja. Zenebech alimbusu mabega huku na huku, akalia naye. Kahawa ikatwangwa, ikachemka, ikamiminwa. Abol ikanywewa. Tona ikanywewa, na dengu hakuna aliyezikumbuka. Wubalem aliapa kwamba kuanzia sasa kila Jumatano atakaa kando ya jiko, na zikilia atamgusa goti. Safari ya Awasa haikutajwa.

Ilipofika bereka, Zenebech alisimulia jambo la mumewe na punda. Etagenyu aliiona midomo yake ikicheza, neno hapati. Akaona mabega yanatikisika, vikombe vinayumba, Wubalem anafuta machozi. Akazitazama nyuso zote, mmoja baada ya mwingine, kisha naye akacheka, baada yao kidogo.