Barua Iliyomfufua Shangazi

Shangazi yangu wa Butiama nilimzika nikiwa na akili zangu timamu, naye yuko hai analima mihogo yake. Nilimzika kwa maneno, mbele ya msimamizi wangu, nikapewa siku tatu. Baadaye nikaombea na matanga yake, nikapewa siku mbili. Sijisifu. Naeleza.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, Bunda. Sisi wanawake tulikuwaga tunasimama kwenye mstari, kila mmoja na mashine yake, unailisha pamba kwa mikono, nyuzi zinatoka huku na mbegu huku, mpaka zamu iishe. Miaka mingi niliifanya kazi hiyo bila neno. Kisha ukaja msimu ambao umeme ulikuwa unakatika kila mara, na ukirudi mashine zote zinanguruma kwa pamoja. Siku moja ziliponguruma, moyo ulinienda mbio kama mtu anayefukuzwa na fahali. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma, nikajua nakufa. Sikufa. Wiki iliyofuata hali ile ikaja tena. Mwisho ikawa inakuja umeme ukiwepo, nikifikiria tu kwamba utakatika.

Sasa ugonjwa wa namna hiyo unausemaje? Malaria ina jina lake. Na pale kiwandani palikuwa na desturi: ukitaka ruhusa, unafiwa. Kila mtu alikuwaga anafiwa. Msimamizi hakatai msiba, maana hata yeye ana ndugu. Basi na mimi nikafiwa. Kilichonichoma ni wenzangu. Walinichangia unga, na mama wa mashine ya jirani yangu akatoa khanga kwenye sanduku lake mwenyewe, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Nikapokea.

Mwishowe nilikwenda hospitali. Mganga alinisikiliza moyo, akapima damu, akaniuliza maswali mengi.

"Moyo wako mzima, mama. Huu ni ugonjwa wa wasiwasi. Mwili unakimbia na hakuna anayeufukuza."

"Kwa hiyo mimi ni kichaa?"

"Kichaa angeniuliza hivyo?" Akanifundisha kupumua polepole, akasema nirudi kila baada ya wiki mbili. Kisha akaandika cheti cha kazi nyepesi. "Cheti kinasema unaumwa. Hakisemi kazi gani unaiweza, mimi sijui kiwanda chenu. Hiyo mwandikie meneja mwenyewe."

Ubaya ni kwamba mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, pamba ya ushirika ikapungua, na tukasikia kuna orodha ya watakaopunguzwa. Nilikuwa na watoto wanne na baba yao hakuwepo. Nikaenda kwa fundi cherehani jirani yangu pale Nyasura, Mwislamu mmoja mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyewaandikiaga watu barua mtaani.

Akasoma cheti, akatikisa kichwa. "Dada, ukiandika wasiwasi watasema umerukwa na akili. Jina lako litaongoza orodha. Tumuue mtu mwingine. Nani amebaki?"

"Amebaki mjomba."

"Mjomba anafaa sana."

Tukacheka. Halafu mimi nikawa siwezi kunyamaza, na kicheko kikageuka kilio. Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Nilipomaliza akanisogezea karatasi. "Andika mwenyewe, dada. Mimi nitakupangia anwani na kichwa cha barua. Yaliyobaki ni ya kwako."

Jumapili nikaenda Butiama kumwomba marehemu ruhusa. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti.

"Umenizika lini?"

"Mwezi wa nane, shangazi."

"Watu walikuwa wengi?"

"Nilisema walikuwa wengi."

"Ulinililia?"

"Nililia. Lakini ni kwa sababu ya ule moyo."

Akanitazama. Akafuta mikono, akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha pale muda mrefu kama anasikiliza mlango. "Mama yako alikuwa nao huu," akasema. "Akikimbilia mtoni kukaa peke yake tulisema ana kiburi." Mimi sikujua jambo hilo hata siku moja. "Hiyo barua tutaipeleka wote."

Niliiandika jioni hiyo. Nilisoma mpaka darasa la nne, basi ilikuwa fupi:

"Yah: Kuomba kubadilishiwa kazi kwa ajili ya ugonjwa wa wasiwasi.

Mheshimiwa Meneja, naumwa wasiwasi, cheti cha hospitali nimekiambatisha. Mashine zikinguruma kwa ghafla moyo unakimbia na mikono haifanyi kazi. Inapita baada ya robo saa. Sitaki kuacha kazi. Naomba nitolewe kwenye mashine nishone magunia ya mbegu uani, au nichague pamba chafu. Naomba zamu ya mchana, maana nikikosa usingizi unazidi. Ukinishika naomba nitoke, nikipoa nirudi, na dakika hizo nitazifidia. Ulinianza mwezi wa nane, siku nilizoomba ruhusa ya msiba. Shangazi yangu hajafa. Nilidanganya kwa aibu. Naomba msamaha."

Pale kiwandani barua haikurukaga ngazi. Niliipitisha kwa msimamizi, akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Mama, huu mstari wa shangazi ungeufuta." Nikasema sifuti. Akaandika "napitisha" na kuweka sahihi.

Mlangoni pa ofisi meneja alimwona bibi aliyejitanda khanga ameketi kwenye benchi. "Na huyu mama ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu, baba," shangazi akajibu.

Meneja akavua miwani. Midomo ilimcheza, lakini akajikaza. "Karibu ndani, marehemu."

Alisoma mpaka chini. "Kwa nini umejishtaki? Mimi nisingejua."

"Ukisoma cheti utauliza ugonjwa ulianza lini," nikasema. "Ulianza na msiba ule. Nikificha msiba, hata ugonjwa hutauamini."

Alimwita mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, wakazungumza mbele yangu. Magunia, ndiyo. Zamu ya mchana, ndiyo, mpaka msimu uishe, kisha tutazame tena na cheti kipya. Ukinishika nimwambie msimamizi, niende kwenye tangi la maji, nirudi. Zile siku tano za msiba zitakatwa kwenye likizo yangu. "Na juu ya orodha siwezi kukuahidi kitu," akasema. "Ila barua hii haitakuwa sababu." Sikuwa nimetegemea zaidi ya hapo. Mtu anayekuambia asichoweza kukupa unaweza kumwamini kwa alichokupa.

Kazi ngumu ilikuwa wenzangu. Nilimpitisha shangazi kwenye mstari wakati wa mapumziko. Mmoja alipiga kelele, mwingine akauliza, "Bibi, huko juu pamba wananunua bei gani?" Wakacheka. Mama wa khanga hakucheka. Nilimrudishia khanga yake, akaikunja, akaondoka nayo, na wiki mbili hakuniitikia salamu.

Halafu akaletwa uani kushona magunia, mbegu zilikuwa zimejaa. Tukakaa tumepeana migongo. Siku ya tatu umeme ukakatika, ukarudi, na ngurumo ikatoka ndani hadi kwetu. Mikono yangu ikafa. Sindano ya magunia ikanidondoka kwenye mbegu. Nilimwambia msimamizi, nikaenda kwenye tangi, nikapumua nilivyofundishwa, nikifikiri juu ya mama yangu pale mtoni.

Niliporudi nilipiga magoti kuitafuta sindano. Haikuwepo. Mama wa khanga alikuwa nayo. Alikuwa ameshaitia kamba ya katani, na gunia langu ameshikilia mdomo wake lisimwagike, huku lake likingoja.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita."

"Basi shona," akasema, "mkono unaniuma."