Paa Lililosomewa Fatiha

Haji Shaabani hakuwahi kufika Maka. Haji lilikuwa jina lake tangu kuzaliwa, kwa kuwa alizaliwa mwezi wa Hija, lakini watu wa Karatu wasiojua walimpisha njia kama mtu aliyezuru, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Alikuwa na duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na nyuma ya duka alikuwa na vyumba vya kupangisha. Katika kimoja aliishi Mwanamwema, fundi cherehani, mjane asiye na mtoto, aliyetoka Kondoa kama Haji mwenyewe.

Ukondoa huo ndio uliomleta pale. Alipofika Karatu na cherehani yake juu ya lori la mahindi, Haji alimwambia, "Mwanangu, nyumbani ni hapa." Tangu siku hiyo Mwanamwema akamwita mjomba, na Mwajabu, mkewe Haji, alimwita dada. Kila Ijumaa alikula kwao. Akishona nguo za watoto wa Mwajabu hakudai chochote, na angeona aibu kudai.

Tatizo lilikuwa paa. Mabati yalikuwa yamekula kutu mpaka ukitazama juu mchana unaona vijidirisha vya mbingu. Mwanamwema alimweleza mjomba wake wakati wa vuli, naye akasema inshaallah, fundi atakuja. Akamweleza tena, akapewa inshaallah nyingine. Mungu amsamehe, lakini Haji alikuwa mtu wa kumtwisha Mungu hata kazi za misumari.

Kisha mvua moja ya Februari, isiyokuwa hata ya msimu, ikanyesha Mwanamwema akiwa sokoni. Aliporudi alikuta kanzu za Idi za wateja zimelowa maji ya kutu, madoa mekundu toka kola hadi pindo. Kutu haitoki kwenye kitambaa cheupe. Aliwalipa wenye nguo zao, akaikausha cherehani chuma kwa chuma, akaketi kitandani akalia kwa hasira. Masika yalikuwa karibu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa mume wake sasa, na shamba lake, na jina lake mjini. Ikiharibika, angerudi Kondoa kuwa mzigo wa kaka zake.

Kumwandikia barua mtu anayeishi ng'ambo ya ua si adabu, alilijua hilo. Lakini mdomo ulikuwa umeshindwa. Akachukua kalamu.

"Kwa Mjomba Haji Shaabani. Assalaam alaykum. Natumaini nyumbani hamjambo. Nakuandikia kuhusu paa la chumba ninachopanga. Linavuja juu ya mlango na juu ya meza ya cherehani. Nilikueleza kwa mdomo tangu vuli, ukaahidi fundi, na hadi leo hajaja. Mvua ya juzi imeharibu nguo za wateja, nami nimewalipa. Kodi sijawahi kuichelewesha, na wema wenu siusahau. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima, paa litengenezwe kabla ya masika. Kama huna nafasi, niruhusu nimtafute fundi mwenyewe na kununua vifaa, gharama ikatwe katika kodi. Tafadhali nijibu kwa maandishi, ili tusije tukasahauliana. Mimi mwanao, Mwanamwema."

Haji alimwita jioni ileile. Barua ilikuwa mapajani mwake, na Mwajabu alikuwa akimimina kahawa.

"Mwanangu, kuandikiana sisi kwa sisi?"

"Nisamehe, mjomba. Nimeogopa masika."

"Una haki. Mlete fundi, nunua mabati, tutakata kwenye kodi. Karatasi ya nini? Tusome Fatiha."

Wakainua mikono wote watatu, wakasoma, wakajipangusa nyuso. Mwanamwema alitoka moyo mweupe. Alikuwa ameomba jibu la maandishi, ndiyo, lakini nani atamdai karatasi mtu aliyekwisha kumsomea Fatiha? Ni kama kumwambia usoni kwamba Mungu hatoshi kuwa shahidi.

Alimwita fundi Qamara, Mwiraqw mkimya wa Ganako. Qamara aliyavua mabati ya zamani, akayaegemeza nyuma ya jiko, akabadilisha papi, zile mbao za kupigilia mabati, zilizokuwa zimeoza, akapigilia mabati mapya kuanzia chini kwenda juu, kila bati likilalia lenzake, misumari ikipita kwenye migongo ya mawimbi na si mabondeni maji yanakopita. Masika yakaja na kelele zake zote. Ndani hapakudondoka hata tone.

Mwisho wa mwezi Mwanamwema alipeleka kodi iliyopunguzwa kama walivyokubaliana. Haji aliitazama mezani bila kuigusa.

"Hii imepungua."

"Si ya mabati, mjomba?"

"Mabati gani? Mimi nilisema tutazungumza. Halafu nilitaka kukuambia, kile chumba nakihitaji. Mkwe wangu amepata kazi ya kuendesha watalii kule kreta, anataka pa kukaa. Sasa pamekuwa pazuri."

Pamekuwa pazuri. Neno hilo lilimwingia Mwanamwema kuliko yote. Alimgeukia Mwajabu, aliyekuwa akichambua mchele.

"Dada, si ulikuwepo? Si tulisoma Fatiha pamoja?"

Mwajabu hakuinua uso. "Tumesoma Fatiha nyingi humu ndani. Hiyo siikumbuki."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Mwanamwema alikuwa ameishona nguo hiyo kwa mkono wake. Haji alimuumiza, lakini Mwajabu alimvunja.

Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Inosenti, mtu wa pole na miwani iliyofungwa uzi. Inosenti akawaita wote barazani kwake, pamoja na Qamara. Akaisoma nakala ya barua aliyobaki nayo Mwanamwema.

"Barua nzuri," alisema. "Lakini hii ni ombi. Jibu liko wapi?"

"Alinijibu kwa Fatiha."

"Sikumruhusu," alisema Haji. "Sikuagiza bati wala msumari. Kama alinunua, alinunua kwa utashi wake."

Inosenti alivua miwani. "Kukulazimisha umpangishe siwezi, Mzee Haji. Nyumba ni yako. Lakini umesema mbele yetu kwamba mabati hukuyaagiza, na kodi hukuikata. Qamara, nani alikulipa?"

"Mama huyu. Mabati pia alinunua yeye, mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba."

"Basi ni yake, Mzee Haji. Ayachukue, ila akuachie nyumba yako kama ilivyokuwa."

Haji aliinuka kurudi dukani kwake. Angeyadai mabati, ingebidi aikumbuke Fatiha.

Siku ya jua Qamara alipanda, akayashusha mapya, akayarudisha yale ya zamani pamoja na kutu yake. Mwajabu akaja na kikombe cha kahawa, akasimama kando ya mzigo.

"Usinihukumu, mdogo wangu. Ni mume wangu, ningesemaje?"

"Ungenyamaza tu, dada," Mwanamwema alisema. Kahawa hakuipokea, naye alikuwa na kiu.

Alihamia Ganako, nyumbani kwa Marsela, mkulima wa ngano na maharage, Mkristo, mama mwenye viganja vipana na kicheko cha karibu. Marsela alikuwa na chumba ambacho paa lake halijakamilika, na walikubaliana upesi: Mwanamwema aweke mabati yake, akihama aondoke nayo. Marsela akatoa mkono wapeane.

Mwanamwema hakuupokea. Alifungua kikapu, akatoa karatasi na kalamu.

"Mama, naomba tuandike."

Mkono wa Marsela ukabaki hewani kidogo, kisha ukashuka. "Kwani nimekukosea nini? Hata hujaniona nikidanganya."

Mwanamwema aliinamisha uso kwa haya. Alijua anamdhulumu mwanamke mwema, tena mlangoni kwake. Hata hivyo kalamu hakuirudisha kikapuni, aliishika vilevile, akangoja.